Nimefuta majina ya Kijerumani kwenye ramani ya babu nikaweka ya kwetu, mbona yanaonekana kama stika?

#1 Mwana_wa_Manda
Habari wakuu. Kuna ramani ya mkono ya mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa, imechorwa kwa kalamu na wino, karatasi ina upana kama sentimita 60, tuliikuta kwenye sanduku la marehemu babu mzaa mama aliyekuwa karani misheni. Nani aliichora hatujui. Inaanzia juu kule Songwe inashuka mpaka Liuli basi, chini imekatwa. Majina ni ya enzi za Mjerumani, Alt-Langenburg, Wiedhafen, Sphinxhafen, Livingstone-Gebirge, Nyassa-See. Desemba tuna kikao cha ukoo na wazee wamesema ichapishwe kubwa, A2, ila majina yawe haya tunayoyaita sisi maana watoto hawajui kwamba Wiedhafen ndo Manda.

Basi nikaipiga picha na simu, nikaingiza kwenye GIMP, nikafuta majina kwa ile Heal, nikaandika mapya kwa fonti ya kulala: Tukuyu, Manda, Liuli, Milima ya Livingstone, Ziwa Nyasa. Kwenye simu iko poa. Nikifungua kwenye kompyuta sasa, majina yanaonekana kama stika za kwenye friji, na pale nilipofuta kuna ukungu ukungu. Tatizo ni fonti au nini? Picha hiyo hapo chini, ya kabla na ya baada.

#2 Kiberiti_Kimoja
Mkuu kubadilisha jina la sehemu Google Maps ni bure, unabonyeza pale unapendekeza marekebisho, wanachukua siku kadhaa kukujibu. Mimi nilibadilisha jina la mtaa wetu.

#3 Bi_Shangazi
@Kiberiti_Kimoja jamaa ana karatasi ya babu yake wewe unampeleka Google 😂😂

#4 Dogo_Leya
Tatizo rangi bro. Umeandika kwa nyeusi tii wakati wino wa ramani sio mweusi, ule wino wa zamani wa chuma ukikaa miaka unageuka kahawia. Chukua kile kidude cha kuchukulia rangi, gusa katikati ya herufi nene ya zamani, tumia hiyo. Halafu leya ya maandishi iweke Multiply ili madoa ya karatasi yaonekane kupitia kwenye herufi. Fonti pakua IM Fell ni ya bure na ina sura ya kizamani. Dakika kumi umemaliza.

#5 Mnyasa_Hamburg
Kabla ya rangi na fonti, ndugu yangu Mwana_wa_Manda, umeiweka Tukuyu ufukweni. Tukuyu iko mlimani Rungwe huko, ziwani wanaenda kwa gari. Tukuyu ilikuwa Neu-Langenburg, yaani Langenburg mpya. Hii yako imeandikwa Alt, maana yake ile ya zamani, makao ya kwanza kabla hawajahamia mlimani, na hapo ni Lumbila. Ukichapisha hivyo wazee wa Ukisi watakurudishia ramani yako kichwani.

#6 Mwana_wa_Manda
@Mnyasa_Hamburg uwiii. Asante sana kaka. Nilisoma mahali "Langenburg = Tukuyu" nikaishia hapo. Narekebisha.

#7 Bi_Shangazi
Tukuyu beach resort, karibuni nyote

#8 Mchora_Mabango
Vijana shikamooni kwa kinyume. Mimi nimeandika mabango ya maduka na mabasi kwa brashi tangu 1981 na kabla ya hapo nilikuwa msaidizi kwenye chumba cha michoro, tukiandika majina kwenye ramani za wino kwa nibu. Kompyuta nimejifunzia uzeeni, mjukuu kanifundisha.

Nimeikuza picha yako. Dogo wa #4 ana haki kuhusu rangi, lakini hata ukiweka rangi ya wino wenyewe wa babu bado litakuwa stika, na sababu iko kwenye milima. Tazama ile ya kabla. Mchoraji amejaza mteremko wa Livingstone kwa vistari vidogo vidogo vinavyoshuka kuelekea ziwani. Sasa tazama alipoandika Wiedhafen. Vistari havipiti chini ya herufi. Vinafika karibu na neno vinakoma, vinaanza tena upande wa pili. Jina limetengewa nafasi. Sisi tulifundishwa hivyo hivyo, jina kwanza, vistari baadaye, na mkono unaruka jina.

Wewe umefuta Wiedhafen herufi 9 ukaweka Manda herufi 5. Kwa hiyo upande wa kulia limebaki pengo jeupe la herufi 4 lisilo na maana yoyote, na jicho linaliona hata kama mtu hawezi kulitaja. Na Milima ya Livingstone umeiandika juu ya vistari, vinakatiza tumboni mwa herufi. Mchoraji yule asingefanya hivyo hata siku moja. Hiyo ndiyo stika yako.

#9 Mwana_wa_Manda
Mzee shikamoo. Nimeenda kuangalia, ni kweli kabisa, liko pengo, nilikuwa naona kuna kitu hakiko sawa nikadhani ni fonti. Sasa pengo nalijaza vipi? Nachora vistari kwa mausi?

#10 Mchora_Mabango
Marahaba. Kwa mausi usichore, mkono wa mausi unajulikana. Azima vistari vya jirani. Tafuta kipande cha mteremko chenye uelekeo uleule na unene uleule, kikate kwa kamba ile ya kuzungushia, kibandike kwenye leya yake juu ya pengo, kizungushe kidogo mpaka kifuate mteremko, halafu ufute kingo zake ukizunguka kila kistari kimojakimoja, sio kwa mstari wa mraba. Usichukue kipande kilicho jirani kabisa maana mapacha wakikaa pamoja wanaonekana. Chukua cha mbali kidogo.

Kwa jina jipya fanya kinyume chake. Ukishaweka Milima ya Livingstone, futa vistari vinavyogusa herufi, acha nafasi ndogo kuzunguka kila neno, kama unene wa kalamu mara mbili. Usifute kwa umbo la sanduku wala usiweke ule ukungu mweupe kuzunguka herufi kama ramani za kisasa. Kila kistari kiishie pake.

#11 Dogo_Leya
Sawa mzee ila hiyo ni kazi ya wiki nzima 😅 Kuna plagini inaitwa Resynthesizer, unazungushia jina unabonyeza Heal selection inajaza yenyewe.

#12 Kalamu_ya_Mjomba
Resynthesizer kwenye karatasi tupu iko vizuri sana, natumia. Kwenye vistari vya milima inakuletea uji. Haijui kama vistari vinatakiwa kushuka, inachanganya vinavyoshuka na vinavyolala. Nilishafanya ramani ya riwaya yangu (nchi ya kubuni, nilibadilisha jina la mji baada ya mchoraji kumaliza kazi na kulipwa, msiniulize) msitu ukatoka kama supu ya utumbo. Mwisho nilirudi kumbembeleza mchoraji.

#13 fundi_skana
Mmeenda mbali sana nyote. Swali la kwanza lilitakiwa kuwa picha ina pikseli ngapi. Nimeipakua, ina pikseli 4000 kwa upana. Karatasi ni sentimita 60, hiyo ni inchi 23 na ushee, kwa hiyo una kama pikseli 170 kwa inchi. Jina dogo la kijiji lina kimo cha milimita 2, maana yake herufi nzima ya babu ina pikseli 13 tu. Herufi ya pikseli 13 ni ukungu mtupu. Wewe ukaja ukaweka juu yake fonti yenye kingo kali kama wembe. Lazima ionekane stika, hakuna mambo ya vistari wala nini.

Kwa kipimo cha 600 kwa inchi, herufi hiyohiyo ingekuwa na pikseli 47, hapo unaona mpaka nibu ilipogeuka. Rudi mwanzo, iskani upya, ihifadhi TIFF. Na hii uliyotuma imepita kwenye grupu la familia sio? Naona vichembe vya JPEG vimezunguka kila herufi kama vumbi. Ndio ukungu wako huo. Ulifuta herufi ukaacha vumbi lake.

#14 Mwana_wa_Manda
@fundi_skana imepita grupuni ndio, binamu ndo alipiga akanitumia 🙈

#15 Mchora_Mabango
Fundi, usiseme hakuna mambo ya vistari. Pengo liko pale hata ukiskani kwa elfu moja, tena ndio litaonekana zaidi.

#16 fundi_skana
Sawa mzee, nimezidisha. Ila mpangilio ni skani kwanza.

#17 Mwana_wa_Manda
Sasa skana ya A2 naipata wapi? Hapa mjini kuna stationari ya kuchapa ramani za nyumba, wana ile mashine ndefu ya kumeza karatasi.

#18 Kalamu_ya_Mjomba
USIIPELEKE kwenye mashine ya kumeza!! Karatasi ya zamani yenye mikunjo ikiingia kwenye zile rola inachanika kwenye mkunjo, na ile ni moja tu duniani. Mimi niliona cheti cha ndoa cha bibi kikitoka vipande viwili.

#19 fundi_skana
Hapo sahihi. Iweke kwenye skana ya kawaida ya A4 ya kulaza, vipande vipande, kila kipande kiingiliane na mwenzake kama theluthi moja, bila kuikandamiza mikunjo kwa nguvu. Usibadilishe mipangilio katikati, zima ule urekebishaji wa rangi wa kujiendesha, la sivyo kipande kimoja kitakuwa njano kingine kijivu. Halafu Hugin inaunganisha. Kama haitoshi kwenye skana ndio urudi kwenye kamera, ila kwa vipande na mwanga wa pande mbili.

#20 Sengo_Mpimaji
Salaam. Mimi ni mpimaji ardhi mstaafu, naomba kuuliza swali dogo. Kwa nini mnafuta? Ramani ya zamani ni ushahidi. Ukishatoa Sphinxhafen umetoa na habari yake. Pale Liuli kuna jiwe ambalo Wajerumani waliliona linafanana na sanamu ya Sphinx ya Misri, jina likatoka hapo, na hapohapo Agosti 1914 Waingereza na meli yao Gwendolen waliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Mtoto akiona Liuli peke yake hajui hayo. Mimi ningeandika jina jipya chini kwa herufi ndogo, la zamani lingebaki.

#21 Mnyasa_Hamburg
@Sengo_Mpimaji mzee wangu, na jina Liuli je, halina habari? Watu walikuwa wanakaa pale kabla ya hilo jiwe kupewa jina la Misri. Ramani ya awali iko sandukuni haijaguswa, hii ni nakala ya ukutani.

#22 Sengo_Mpimaji
Nakala zina tabia ya kutembea. Miaka 20 mbele mtu ataikuta mtandaoni aseme "ramani ya Mjerumani yenye jina Liuli". Basi walau aandike pembeni kwamba majina yamebadilishwa na mwaka gani.

#23 Mwana_wa_Manda
Hilo la kuandika pembeni nalikubali mzee. La kuacha majina yote mawili nilijaribu, pale Manda pakawa na maneno manne yamebanana na mto.

#24 Mnyasa_Hamburg
Kuhusu mto. Umeacha "Ruhuhu Fl." kama ilivyo. Fl. ni Fluss, yaani mto. Kama unabadilisha badilisha na hiyo, kuna "Miss. St." pia ambayo ni kituo cha misheni.

#25 Mwana_wa_Manda
Nilidhani Fl. ni jina la mtu 😂 Nabadilisha iwe Mto Ruhuhu.

#26 Mchora_Mabango
Ngoja hapo kijana. Mjerumani anaweka mto nyuma ya jina, sisi tunaweka mbele. Usifute Fl. ukabandika Mto kushoto hivihivi. Jina Ruhuhu limepindishwa kufuata mkondo na limeanza pale mto unapotulia baada ya ile kona. Ukiongeza Mto mbele, neno litaingia kwenye kona na herufi zitatawanyika kama meno ya uzee. Lisogeze jina zima kuelekea chanzo cha mto, kama upana wa herufi tatu, ndipo Mto ikae kwenye mkondo uliotulia. Kwa hiyo Ruhuhu nayo inabidi uikate na kuihamisha, hata kama hubadilishi herufi hata moja.

Na hivyohivyo kwa Livingstone-Gebirge. Gebirge ilikuwa nyuma, Milima ya inakuja mbele. Lile jina limetandazwa herufi mojamoja kutoka juu ya safu mpaka chini, utandazaji wenyewe ndio unaosema safu inaanzia wapi na inaishia wapi. Zipange upya zote kwa nafasi sawa kuanzia mwanzo hadi mwisho uleule.

#27 Dogo_Leya
Hii naikubali mzee, hilo sikuwahi kuliwaza. Kwa anayetumia GIMP, chora njia kwa Paths kufuata mto halafu bofya kulia kwenye leya ya maandishi chagua Text along Path. Ila inakupa umbo tu la njia, unatakiwa ulijaze rangi mwenyewe. Inkscape ni rahisi zaidi kwa hili, Put on Path na unaendelea kuhariri neno.

#28 Bi_Shangazi
Na ziwa mnaliitaje? nauliza tu 👀

#29 Kiberiti_Kimoja
Ziwa Malawi

#30 Bi_Shangazi
Nilijua tu

#31 Mnyasa_Hamburg
Haya tumeanza. Nyasa kwa Kiyao ni ziwa, kwa hiyo hata "Ziwa Nyasa" ni "Ziwa Ziwa". Wenzetu walibadilisha jina la nchi mwaka 1964 na la ziwa likafuata. Ramani ni ya ukoo wa Manda, wataandika wanavyoita Manda.

#32 Kiberiti_Kimoja
Na mpaka? Kwenye picha kuna mstari wa nukta unapita ukingoni kabisa upande wetu. Ufute huo.

#33 Sengo_Mpimaji
Usiguse. Jina unaweza kulitafsiri, mstari huwezi. Mkataba wa 1890 wa Waingereza na Wajerumani ndio ulioandika ukingo wa mashariki, sisi tunasema mpaka ni katikati ya maji na ubishi huo haujaisha. Ukiufuta hujabadilisha jina, umechora ramani nyingine.

#34 Kiberiti_Kimoja
Lakini ni ramani ya sebuleni mzee

#35 Sengo_Mpimaji
Hata sebuleni.

#36 Mwana_wa_Manda
Mstari nauacha. Naomba turudi kwenye herufi. Nimeskani upya A4 kwa 600 vipande 9, Hugin imeunganisha vizuri isipokuwa kona moja. Nimefuta upya. Karatasi tupu nimetumia Heal iko safi. Shida ni pale herufi ilipogusa mstari wa ufukwe, Heal inavuta weusi wa ule mstari na kuacha doa kama moshi.

#37 fundi_skana
Heal inalinganisha mwanga wa kiraka na wa mahali unapobandika, ikikuta mstari mweusi jirani inadhani karatasi hapo ni nyeusi. Karibu na wino tumia Clone, hiyo haifikiri inabandika tu. Fungua leya mpya tupu, washa Sample merged ili ichukue kutoka chini lakini iandike kwenye leya mpya, ukikosea unafuta kiraka na ramani iko palepale. Brashi usiifanye laini sana, brashi laini inaua chembe za karatasi ndio unapata ule ukungu. Na badilisha chanzo kila baada ya miguso miwili mitatu.

Kujua kama umefuta kweli, weka nakala ya picha nzima juu, fungua Curves uipinde kwa nguvu mpaka karatasi iwe kama ngozi ya mamba. Mizimu yote inatokea. Ukimaliza kuwinda futa hiyo leya.

#38 Mwana_wa_Manda
Nimejaribu hiyo Curves. Wiedhafen ikatokea nzima kama ilivyokuwa 😳 nilidhani nimeifuta.

#39 Kalamu_ya_Mjomba
Hiyo inaweza kuwa sio masalia ya kufuta. Nibu inakwaruza karatasi, na wino ule unakula karatasi pembeni ya herufi. Unaona kivuli cha mkwaruzo.

#40 fundi_skana
Au taa ya skana inatokea upande mmoja, mkwaruzo unatupa kivuli. Izungushe karatasi nusu duara uskani tena, kivuli kikihama upande ni mkwaruzo, kikibaki ni wino.

#41 Mchora_Mabango
Au mchoraji alikwangua kwa wembe akaandika mara mbili. Tulikuwa tunafanya sana tukikosea. Tazama kama pana unyoya.

#42 Mwana_wa_Manda
Sitaki kuizungusha zungusha tena karatasi inaanza kumeguka kona. Nimekipitishia Clone kingine juu, kwa macho hakionekani, basi.

Sasa fonti. IM Fell nimeweka, rangi nimechukua kwenye wino, Multiply, bado inajitenga.

#43 Mchora_Mabango
Itajitenga tu. Hiyo IM Fell ni sura ya herufi za risasi, za mashine ya kuchapa, tena za Uingereza za karne ya 17. Ramani yako imeandikwa kwa nibu na mkono wa mtu mmoja. Huyu ana tabia zake, L yake ina mkia unaoingia chini ya herufi inayofuata, d yake imelegea mgongo. Hakuna fonti ya mtu huyo popote. Fonti yake ni ramani yenyewe.

Kwa hiyo kata herufi kutoka kwenye majina unayoyafuta, kabla hujayafuta. Hesabu ulichonacho. Manda: M unaipata kwenye Miss., a na n na d ziko kwenye majina ya zamani. Liuli: L na i kwenye Livingstone, u kwenye Langenburg, l ndogo kwenye Alt. Lumbila: b iko Langenburg, lakini m ndogo huna popote, ramani nzima sijaiona. Chukua n mbili za mkono uleule, ya pili ikate mguu wa kwanza uiunganishe na ya kwanza, hapohapo una m. Angalia upana, m ya mkono huwa imebanwa kidogo kuliko n mbili.

Z ya Ziwa huna kabisa na hakuna cha kuunganisha. Hiyo itabidi uandike.

#44 Dogo_Leya
Mzee kwa nini asitengeneze fonti kabisa? Anazichora herufi zilizokatwa FontForge au Calligraphr anapata fonti ya babu, anaandika chochote.

#45 Mchora_Mabango
Anaweza, kwa majina 50 ningemshauri hivyo. Kwa majina 8 hapana. Fonti inarudia. Lumbila ina l moja, Liuli ina l moja na i mbili, Milima ina i mbili na m... zote zikitoka pacha mtu anajua mashine imepita. Kwenye ramani i za Livingstone hazifanani, nenda kapime.

#46 Dogo_Leya
Basi anaweka i mbili tatu tofauti kwenye fonti.

#47 Mchora_Mabango
Hapo sawa. Sikujua inawezekana.

#48 Kalamu_ya_Mjomba
Mchoraji wangu alifanya njia nyingine kabisa. Alichapisha ramani iliyofutwa kwa ukubwa mara mbili, akaweka karatasi ya kukopia juu yake, akaandika majina yote kwa nibu na wino kwa mkono, akaskani hiyo karatasi peke yake, akapunguza nusu na kuweka juu kwa Multiply. Hakuna kukata herufi wala nini. Ukipunguza nusu mtetemo wa mkono nao unapungua nusu.

#49 Mchora_Mabango
Huyo mchoraji wako ni fundi. Ila lazima ajifunze mkono wa yule wa kwanza, aandike kurasa mbili tatu za mazoezi kwanza. Na unene wa nibu uwe mara mbili pia, la sivyo ukipunguza majina yanakonda.

#50 fundi_skana
Mimi bado nasema asilimia kubwa ni kingo. Chukua herufi yoyote, ipe Gaussian Blur ya nusu pikseli mpaka pikseli moja, ilingane na ukungu wa skani. Herufi zilizokatwa kwenye ramani zinafanya kazi kwa sababu hiyohiyo, zimeshapita kwenye skana ileile. Sio roho ya mkono.

#51 Kalamu_ya_Mjomba
Mimi nasema ni mstari wa kukalia. Kompyuta inakalisha herufi zote kwenye mstari ulionyooka kama askari. Mkono unapanda unashuka. Ukisogeza kila herufi juu chini kidogo tu hata fonti mbaya inakaa.

#52 Bi_Shangazi
Watu watatu, sababu tatu, na mwenye ramani kapotea

#53 Mwana_wa_Manda
Nipo dada, nilikuwa nakata herufi mpaka saa nane usiku. Toleo la tatu hilo hapo. Manda na Liuli nimekata, m ya Lumbila nimeiunga kama mzee alivyosema. Pengo la Wiedhafen nimelijaza kwa vistari vya kutoka juu ya Lumbila. Ziwa Nyasa yote kaandika mjomba wangu kwa kalamu kwenye karatasi ya kukopia, yeye ana mwandiko. Ruhuhu nimeihamisha. Pembeni chini nimeandika "Majina yamebadilishwa na ukoo" na mwaka.

#54 Mnyasa_Hamburg
Manda siioni kama imebandikwa. Safi sana.

#55 Sengo_Mpimaji
Maandishi ya pembeni ni madogo mno. Lakini yapo.

#56 fundi_skana
Chapisha kipande kimoja cha A4 kwanza, cha ukubwa uleule utakaotumia, kabla ya kulipia A2. Kwenye karatasi wino unasambaa, ukungu wa nusu pikseli hautauona lakini Multiply inaweza kutoka nzito.

#57 Mchora_Mabango
Kazi nzuri kijana. Kona ya kushoto ya Manda kuna vistari vitatu vimegusa mguu wa M, vifupishe. Na u ya Lumbila ni ileile ya Liuli, nimeijua kwa ule ukucha wa juu. Langenburg ina u moja tu najua, lakini Ruhuhu inazo tatu, kaazime huko.

#58 Mwana_wa_Manda
Nimecheka sana mzee, macho gani hayo. Naenda Ruhuhu.

#59 Kiberiti_Kimoja
Wakuu samahani, hii njia inafanya kazi na ramani ya kiwanja? Kuna jina la jirani limeandikwa sehemu sio yake

#60 Sengo_Mpimaji
Wewe nenda ofisi ya ardhi.